Maiki ya Vitalis

Vitalis amefanya useremala miaka ishirini na sita, kumi na minne kati ya hiyo akiwa Gisozi, kwenye soko la mafundi la Agakiriro, ambako mashine za kuranda huanza kunguruma kabla chai haijapoa. Kwa miaka minne ya mwisho dunia imekuwa ikimpungukia sauti, naye hakumwambia mtu. Alijifunza kuwatazama wateja midomo. Akishindwa, alicheka kidogo na kusema, "Tutaangalia hilo," jibu ambalo kwa fundi hutosha karibu kila mahali.

Chaneli aliianzisha kwa simu. Ilikuwa ya Kiswahili, kwa sababu Vitalis ni mtu wa Ngara na Kinyarwanda chake hadi leo kinachekwa na wauza mbao. Alionyesha jinsi ya kuchonga ulimi wa mbao na tundu lake, jinsi ya kunoa patasi, jinsi ya kumjua mtu anayekuuzia mbao mbichi akisema ni kavu. Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuwa na wafuasi elfu mbili na mia tatu, wengi wao vijana wa Goma, Bujumbura na Mwanza. Mmoja wao, mwalimu aliyehamia Masaka, aliagiza kabati la vitabu. Faida ya kabati hilo, faranga laki moja na themanini elfu, ndiyo ikawa bajeti ya chaneli.

Pesa hiyo haikuwa yake peke yake. Karakana anaitumia pamoja na Mukandekezi, mama wa miaka hamsini anayepiga msasa na vanishi, na aliyewahi kuifundisha kazi hiyo ya vanishi katika video moja, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe na anayezungumza Kiswahili kilichonyooka kuliko cha Vitalis mwenyewe. Mukandekezi angeweza kudai nusu yake akabadilishe mabati ya jikoni yanayovuja. Hakudai.

"Nunua kitu kimoja, baba," alimwambia. "Kimoja tu, kile kitakachosaidia kuliko vingine. Ukinunua vitatu vya bei ndogo tutabaki na takataka tatu. Na uulize mtu anayejua."

Mtu anayejua alikuwa Gakwaya, kijana wa Niboye anayerekodi kwaya za makanisa. Alifika karakanani kuchukua makasha ya spika aliyoyaagiza, Vitalis akamwomba aitazame chaneli. Gakwaya alichomeka visikilizio vyake kwenye simu, akatazama video tatu akiwa amesimama. Kisha alivitoa masikioni.

"Mzee, picha haina shida. Unafanyia kazi hapa mlangoni, mwanga iko mzuri, mikono inaonekana. Shida iko sauti. Simu iko mbali nawe mita mbili, mashine ya jirani nayo mita mbili. Kwa simu nyinyi ni sawasawa. Nunua maiki ya kubana kwa kola, ile ya waya. Haifiki hata elfu ishirini."

"Elfu ishirini tu?"

"Tu. Ikikaa kifuani, wewe unakuwa mkubwa, mashine inakuwa ndogo. Hebu vaa, usikilize mwenyewe."

Vitalis alivaa visikilizio. Alisikia mngurumo, na ndani ya mngurumo kitu ambacho kingeweza kuwa yeye. Hakujua kama kilikuwa kibaya kwa sababu ya simu au kwa sababu ya masikio yake. Gakwaya alikuwa akimtazama, akingoja.

"Iko safi," Vitalis alisema.

"Safi?"

"Kwangu inasikika."

Gakwaya aliinua mabega, akabeba makasha yake. Mukandekezi, aliyekuwa ameenda kununua tina ya kuzimulia vanishi, aliporudi aliuliza kijana amesema nini. Hapo ndipo Vitalis alipofanya jambo ambalo hadi leo hulikwepa akilini. Alisema, "Amesema picha. Amesema tununue kamera."

Uongo huo ulikuwa na kitu cha kuuegemeza. Vitalis alijua kusoma takwimu za chaneli, na aliona kwamba video moja ilikuwa imetazamwa hadi mwisho kuliko zote: ile ya mlango wa nakshi, ambamo hakusema neno, maelezo yakiwa yameandikwa juu ya picha. Zile alizozungumza zilikimbiwa mapema. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini watu hubaki pale asipozungumza. Vitalis alijiambia kwamba watu wanapenda picha nzuri. Kulikuwa pia na maoni yaliyosema "hatusikii," naye kila alipoyaona yalimchoma kama watu wanaomdhihaki kiziwi, akayapita. Kununua maiki kungekuwa kukiri kwamba sauti ni mbaya, na kukiri hilo kungemleta mtu wa kuuliza: sasa wewe hukusikia?

Kamera ilikuwa ya mtumba, na ilimeza laki na themanini zote. Ilikuwa nzito na nyeusi, na mafundi wa karakana za jirani walikuja kuishika.

"Sasa umekuwa televisheni," alisema Usumani mchomeleaji. "Ukinipiga picha, subiri nivute tumbo ndani kwanza."

Video ya kwanza ilihusu kunoa patasi. Chembe za mbao zilionekana zikielea kwenye mwanga, na ukingo wa patasi uling'aa. Mukandekezi aliitazama palepale, mashine zikinguruma, kama alivyozitazama video zote, yaani kama picha. "Imependeza," alisema, na Vitalis aliona kwamba alikuwa na furaha ya kweli. Vitalis aligeuka akaanza kupanga misumari iliyokuwa tayari imepangwa.

Wiki ilipoisha takwimu zilikuwa hivi: kwa kila watu mia waliofungua, zaidi ya sitini walikuwa wameondoka kabla dakika moja haijatimia. Ilikuwa mbaya kuliko video za simu. Kijana wa Bujumbura aliandika, "Mzee, sasa tunakuona vizuri ukisema. Unasema nini?" Watu arobaini waliunga mkono maoni hayo.

Mukandekezi aliyasoma. Jumatatu Gakwaya alirudi, kasha moja likiwa limeachia kwenye kona, na Mukandekezi akamwita.

"Gakwaya, mwanangu, ile kamera uliyotushauri haijasaidia. Tufanye nini?"

Gakwaya aligeuka akamtazama Vitalis, kisha mama. "Mimi? Mimi nilisema maiki."

Vitalis alisikia. Sauti ya Gakwaya ilikuwa mojawapo ya zile zilizokuwa bado zinamfikia, na angetamani isingekuwa hivyo. Mukandekezi alimtazama Vitalis, akafunga kopo la vanishi. Hakupaza sauti.

"Kumbe," alisema.

Gakwaya, kwa kuwa ni muungwana, aliichukua kamera na kuigeuzageuza. "Na hii haina hata tundu la kuchomekea maiki," alisema. "Maiki yake ya ndani inasikia hadi lenzi ikizunguka. Tufanye jaribio. Hata kwaya nazifanyia." Alitafuta karatasi mbili na penseli mbili za kupimia mbao. "Naweka simu, kioo kinaangalia chini, hamuoni kitu. Andikeni mnachosikia. Usipoweza kuandika, mtazamaji naye hakusikia."

Ilikuwa saa ya chakula na mashine nyingi zilikuwa zimezimwa. Gakwaya aliongeza sauti hadi mwisho, akasema ni ile ya patasi, akabonyeza, akailaza simu juu ya ubao. Mukandekezi aliinama akaandika maneno mawili, akasita, akaandika jingine. Vitalis aliandika bila kusita. Aliyajua maneno yake: lowesha jiwe, shika patasi kwa pembe ileile, usiharakishe. Alijaza mistari sita kwa mwandiko mzuri, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi amejiokoa.

Gakwaya alichukua karatasi zote mbili. Alisoma ya mama, kisha ya Vitalis, kisha akaigeuza simu atazame kioo.

"Mzee," alisema taratibu, "video ya patasi haikuanza. Nilibonyeza vibaya. Hii ni ile ya vanishi, anayesema ni mama."

Kwenye karatasi ya Mukandekezi yaliandikwa: *vumbi, kitambaa, tabaka la kwanza*. Maneno matatu kati ya maneno mengi aliyoyasema yeye mwenyewe, lakini yalikuwa ya kweli.

Hakuna aliyecheka. Vitalis aliwahi kuchekwa katika maisha yake na alijua namna ya kuchekwa. Kunyamaziwa hivi hakukuwa na namna. Alitazama mikono yake.

Mukandekezi aliinama mbele yake ili uso wake uonekane. Alizungumza polepole, akifungua midomo vizuri, na kwa jinsi alivyofanya hivyo Vitalis alielewa kwamba hakuwa akikisia tena.

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

"Na mimi ninakuita kutoka huku nyuma, nikidhani unanidharau."

Hilo hakulitegemea.

Kamera iliuzwa kwa laki moja na elfu ishirini. Elfu sitini zilipotea hivyo, na Mukandekezi alizitaja mara moja tu, mvua ilipokuwa ikinyesha. Walinunua maiki ya waya, ndogo kama punje ya harage, yenye kofia ya sponji. Vitalis alisema pesa iliyobaki iende kwenye mabati ya jikoni. Mama alikubali bila kumshukuru, na alikuwa na haki.

Siku hizi wanarekodi kwa simu ileile, mlangoni palepale, saa ya chakula mashine za jirani zikiwa kimya. Mukandekezi humbania maiki kwenye kola, shibiri moja chini ya kidevu, na kuupitisha waya ndani ya shati usikwaruze. Wanarekodi nusu dakika ya majaribio, kisha yeye huvaa visikilizio, simu ikiwa imelala kifudifudi, na kuandika anachosikia. Vitalis hawezi kuamua mwenyewe kama sauti ni nzuri. Hukaa kwenye kigoda akimtazama akiandika, kama mtoto anayesahihishiwa daftari, na bado uso wake hupata moto.

Mara ya kwanza kabisa walipofanya hivyo, video ilihusu mashine ya kuranda. Mukandekezi alimkabidhi Vitalis karatasi, naye akaisoma. Hakuna neno lililokosekana: weka ubao bapa, simama pembeni, usisukume kwa vidole. Na mwishoni, sentensi aliyoisema bila kuipanga, ambayo alitumaini kidogo kwamba maiki haikuishika.

*Mashine hii ikiwaka, ziba masikio. Mimi sikuziba.*

"Nikiitoa?" aliuliza.

Mukandekezi alitikisa kichwa kukataa, akachukua penseli, akaipigia sentensi hiyo mstari chini yake.