Mchemraba wa Rezista

Mwaka 1990, wapiganaji walipovuka mpaka wa kaskazini, Kigali ilijaa upekuzi. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametulehemisha rezista kumi na mbili, vipande vya kukinza umeme, kila moja ya omu mia, tukapata mchemraba wa nyaya unaotoshea kiganjani. Swali lake lilikuwa: ukinzani ni kiasi gani kutoka pembe moja hadi pembe iliyo mbali nayo kabisa?

Wanajeshi waliingia maabara tukiwa kwenye somo. Mmoja aliuona mchemraba mezani, akauinua.

"Hii ni redio ya kuwaitia wenzenu."

"Ni somo, afande," mwalimu alisema. "Pima mwenyewe. Mita ile pale. Utapata omu themanini na tatu."

Ofisa wao alikuwa mtu wa mawasiliano. Hakuhitaji kuelezwa mita ni nini. Alitutazama wanafunzi, akaninyooshea kidole mimi.

"Asiseme yeye. Sema wewe. Kwa nini themanini na tatu?"

Nilisimama. Nilisema kwamba umeme ukiingia kwenye pembe hukuta njia tatu zinazofanana kabisa, na hauna sababu ya kupendelea mojawapo. Basi kila njia hupata theluthi ya mkondo. Mbele, kila njia hugawanyika mara mbili, nazo zinafanana pia, kwa hiyo kila moja hupata sudusi, yaani sehemu moja ya sita. Kisha hukutana mbili mbili kwenye njia tatu za mwisho, inakuwa theluthi tena.

"Theluthi, sudusi, theluthi," nilisema. "Ukifuata njia moja hadi mwisho, jumla ni tano kwa sita. Tano kwa sita ya mia ni themanini na tatu na kidogo."

Ofisa aligusisha nyaya za mita kwenye pembe hizo mbili. Mshale ukapanda, ukatulia pale pale. Nilimwona mwalimu akishusha pumzi, nami nikadhani nimemwokoa.

"Kweli," ofisa alisema, akaurudisha mchemraba mezani taratibu. "Kitambulisho."

Mwalimu alimpa. Ofisa alitazama pale palipoandikwa kabila, akakitia mfukoni mwake.

"Twende."

"Afande, si umepima?" nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Nimepima redio. Hakuna redio."

Mwalimu alivua koti lake jeupe, akalitundika msumarini, akatuambia tumalizie zoezi. Tulisikia gari likishuka mlima. Hakuna aliyeandika kitu.

Mke wa mwalimu alikuwa akipeleka chakula gerezani. Mara za mwanzo kilipokelewa. Baadaye mlinzi alimwambia asijisumbue tena, akamrudishia bakuli likiwa bado la moto.