Baba Aliyenijibia

Karani wa mahakama ya amani hapa Likasi alinisikiliza bila kuinua kichwa. Nilimwambia nataka ndoa yangu ifutwe. Akaniuliza kwa nini nisiombe talaka, kwa kuwa ni rahisi kuieleza.

Sikutaka talaka. Talaka ingesema nilikuwa mke wa yule mtu, kisha ikaishia hapo. Tena jaji angetupatanisha kwanza, na nilijua nani wangekuja kunirudisha kwake: baba yangu na wakwe zangu.

Karani akanieleza taratibu. Umri haukuwa tatizo, siku ya ndoa nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kama nilikubali kwa kutishwa, muda wa kulalamika ulikuwa umekwisha, maana nilishakaa kwake miaka minne. Lakini kama sikukubali mwenyewe hata siku moja, ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo, na muda huo haukunihusu. Mtoto wangu angebaki mtoto halali wa baba yake kisheria. Shida ilikuwa ushahidi.

Siku familia zilipokutana kwetu, mtaa wa Panda, kwa mahari, mimi nilikuwa Lubumbashi kwenye masomo. Baba alijibu kwa niaba yangu, akaenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, akatia sahihi ya ndoa mahali pangu. Sikumpa barua wala ruhusa. Wiki mbili baadaye walikuja kunichukua na gari. Nililia njia nzima, na hasira ile haijaniisha mpaka leo.

Nilijua baba atakuja kutetea ndoa. Nilikosa usingizi nikiwaza atadanganya, aseme nilikubali kwa simu. Siku ya kesi alikuja na koti lake la kanisa, amejinyoosha.

Jaji akamwuliza: «Binti yako alikubali?»

«Juge, banamuuliza mutoto mwanamuke? Minye ndiye baba. Ni minye nilijibu, ni minye nilitia sinyatire. Yeye alikuwa Lubumbashi, hakujua kitu. Ni vile tunafanyaka.»

Alisema kwa fahari, akadhani ameimaliza kesi. Nami nilimwonea huruma, jambo lililoniudhi. Karani aliandika kila neno.

Hukumu ilisomwa baadaye: ndoa ni batili kwa kuwa mmoja wa wahusika hakukubali mwenyewe, mtoto anabaki na haki zake zote. Yule mtu aliyeitwa mume wangu akatoka bila kunitazama. Nilidhani nitafurahi, lakini nikakumbuka tu kitanda nilichokilalia kwake miaka minne.

Nje ya mlango baba alikuwa anasubiri, amekunja karatasi ya hukumu mkononi.

«Sasa unataka kurudia ku nyumba yetu?» akaniuliza kwa sauti ndogo.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuniuliza ninachotaka.

«Hapana, papa,» nikamwambia, nikamchukua mtoto wangu pale benchini, tukaondoka.