Mbolea ya Mwezi wa Nane

Kila mwaka bosi wangu alishusha bei ya mbolea wakati mkulima hana kitu mfukoni, kisha akashangaa kwa nini stoo haipungui. Alikuwa na duka kubwa la pembejeo River Road, limebanwa katikati ya wauza misumari na wachapishaji wa kadi za harusi. Mimi nilisimamia tawi lake dogo la Kabiria, chumba kimoja mbele na stoo nyuma. Wateja wangu walikuwa akina mama wa vishamba vya Dagoretti na wengine wa kutoka upande wa Kikuyu, wenye robo eka au nusu eka ya mahindi, maharagwe na viazi.

Ofa zilipangwa Kenyatta Market, mbele ya nyama choma. Bosi alimleta afisa wa mauzo wa kampuni iliyotuletea mbolea, mtu wa shati jeupe na kompyuta ya kubeba, na mwezi wa saba mwaka ule nikaitwa na mimi. Nadhani niliitwa kwa sababu Kabiria ilikuwa inakula hasara na walitaka kuniambia uso kwa uso kwamba itafungwa. Afisa akatuonyesha picha ya bango: mkulima anacheka, mvua nyuma yake, punguzo kuanzia tarehe ya kwanza mwezi wa kumi.

"Mwezi wa kumi watu wangu hawana pesa," nikasema.

"Lakini ndio wanapanda, madam. Demand iko October."

"Haja iko. Pesa haiko."

Nikamweleza huku nyama ikipoa. Maharagwe na viazi wanauza mwezi wa saba. Mahindi ya mvua ndefu yanakauka na kuuzwa mwezi wa nane. Hapo ndipo mama ana noti mkononi, na zinakaa naye wiki tatu, nne akijikaza sana. Mwezi wa tisa shule za sekondari zinafunguliwa, pesa yote inaenda karo, na mvua ya vuli ikifika mwezi wa kumi anakuja dukani kuniomba mbolea ya kupimiwa kwa mkebe. Sikuyasoma mahali. Nimezaliwa na mkulima, nimemwona mama yangu akipanda mahindi bila mbolea huku duka jirani limeandika punguzo mlangoni. Nilikuwa na hasira ya miaka, na siku hiyo niliiachia.

Afisa akacheka kidogo, akasema mwezi wa nane hakuna mtu anayefikiria kupanda. Bosi hakucheka. Alifuta mafuta vidoleni, akaniambia, "Haya. Jaribu huko kwako. Shule zikifunguliwa kama hujauza mifuko arobaini, nafunga Kabiria na wewe tunaachana."

Nikakubali pale pale. Sikuomba hata siku moja ya kufikiria.

Mabango ya mwezi wa kumi yalikuwa yameshachapishwa. Nilikwenda kwa mchapishaji nyuma ya River Road, akanichapia vipande vya karatasi ya manjano, nikavibandika juu ya tarehe: Bei ya mavuno, mwisho siku shule zinafunguliwa. Yule mkulima wa picha aliendelea kucheka kwenye mvua, na nje jua la mwezi wa nane likawaka. Watu wa Kabiria walinitania sana.

Wiki ya kwanza niliuza mifuko miwili. Akina mama waliingia, wakasoma, wakaguna kwamba bei ni nzuri, wakatoka. Nilianza kuwachukia kimoyomoyo, nasema vichwa vigumu hawa, nimewapigania na sasa wananiacha kwenye mataa. Mwishowe nikamkamata mmoja mlangoni, mama mzee wa kwaya ya kanisa letu, aliyeuza maharagwe sokoni na ambaye wenzake hawanunui hata jembe bila kumuuliza.

"Mama, kwani kuna nini? Bei umeona, pesa unayo."

Akanitazama kama mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu. "Nikiiweka wapi? Kwangu kunavuja, itashika maji iwe mawe. Na ikikaa kwa nyumba, mzee ataiona. Shemeji ataiona. Karo ikipungua watasema, si kuna mfuko hapo tuuze. Mbolea kwa nyumba ni pesa imewekwa mezani, msichana wangu."

Sikuwa nimeliwaza hilo, mimi niliyejifanya ninajua kila kitu. Niliipanga ofa kwa kalenda ya pesa yao, nikasahau kwamba pesa ile ina macho mengi juu yake. Nilikaa nyuma ya kaunta nimejionea aibu hadi chai ikaniishia.

Kesho yake nilinunua kalamu nene nyeusi. Nikapanga mbao sakafuni stoo ili mifuko isiguse simenti wala ukuta, nikaanza kuwaambia: lipa sasa bei ya mavuno, jina lako linaandikwa kwenye mfuko, mfuko unakaa kwangu, unakuja kuuchukua mvua ikianza. Risiti nikaandika wazi: imelipwa, iko stoo. Mama mzee alilipia wa kwanza. Alinisimamia nilipoandika jina lake, akaniambia niliandike tena upande wa pili, maana mfuko hugeuzwa. Baada yake walikuja wawili wawili, wengine noti zimefungwa kwenye leso, na kuna walioniomba risiti pia zibaki kwangu, wasije wakaulizwa nyumbani.

Siku ya kufungua shule stoo ilikuwa na mifuko arobaini na mitatu yenye majina. Nikampigia bosi. Akasema vizuri, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa saa. Nilivimba kichwa hata hivyo. Nilinunua soda mbili, nikazinywa zote peke yangu.

Mwezi wa kumi mvua ilikuja mapema na kwa nguvu. Mjini mbolea ya kupandia ikaadimika. Mzigo mpya ulikuwa umekwama bandarini, na River Road watu wa mashamba makubwa walipanga foleni wakitaja bei yoyote. Asubuhi moja, hata sijafagia, bosi akapiga simu.

"Hiyo mifuko yako bado iko?"

"Iko. Wanaanza kuchukua leo."

"Usitoe. Naleta pickup saa sita. Nina mteja hapa wa pesa taslimu. Hao mama watapata yao mzigo ukifika, siku kumi hivi."

"Bosi, hii imelipiwa. Ina majina."

"Majina yanafutika. Mbolea ni mbolea. Nani amekataa kuwalipa? Siku kumi tu."

Siwezi kumsingizia kwamba alitaka kuwaibia. Aliamini kweli kwamba siku kumi ni kitu kidogo, kwa sababu hajawahi kushika mbegu mkono mmoja na mbolea mkono wa pili akiangalia udongo umelowa. Mbolea ya kupandia inaingia shimoni pamoja na mbegu. Ukipanda bila hiyo umepanda nusu mavuno, ukiingoja umeipoteza mvua ya kwanza. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba mvua haitaisubiri meli yake. Akakata simu.

Nilichukua ufagio, nikaurudisha ukutani bila kufagia. Nilikuwa na kodi ya nyumba, na kazi za kusimamia duka zilikuwa haba. Lakini niliwaza mama yangu akipanda mashimo matupu, na nikajua kwamba nikimpa bosi mfuko hata mmoja sitaweza tena kusalimiana na mtu kanisani. Nikapiga moyo konde. Nilimtumia mama mzee ujumbe wa simu: Njoo na wenzako mchukue mbolea leo kabla ya saa sita, msiniulize.

Hawakuniuliza. Walifika na matope miguuni, na mikokoteni ya kukodi, na toroli moja iliyokosa mpini. Nilipokea risiti, nikasoma jina, nikatoa mfuko. Zile risiti zilizobaki kwangu nilizitoa chini ya droo. Saa tano na nusu ilikuwa imebaki mifuko mitano. Wenyewe watatu walikuwa wamekwenda mazishini Magharibi na wawili hawakushika simu.

Pickup ilifika kabla ya wakati, bosi ndani yake. Akaiona mikokoteni ikipanda barabara, akaelewa. Akaingia moja kwa moja hadi stoo, mimi nikatangulia kusimama mbele ya ile mitano.

"Toka."

"Sitoki. Hii si yako."

"Duka ni la nani?"

"Duka ni lako. Mbolea uliiuza mwezi wa nane, pesa ukachukua, hukurudisha hata shilingi moja ukisema mbolea bado ni yako. Leo umekumbuka?"

Akaanza kuniambia mshahara ninaoupata unatoka wapi, na mimi nikamwambia unatoka kwa hawa. Sauti ilikuwa imepanda kuliko nilivyotaka, na sikujali. Dereva alibaki mlangoni akitazama viatu vyake. Hapo ndipo mama mzee aliporudi kutoka barabarani na wenzake wanne. Hakumsalimia bosi kwa ukali, alimpa mkono kama mtu aliyemkuta matangani.

"Hiyo tano ni ya kina mama wenzetu," akasema. "Tumekuja kuwabebea."

Wakaingia. Ili mtu ainue mfuko wa kilo hamsini anahitaji nafasi, na bosi ndiye aliyekuwa amesimama kwenye nafasi hiyo. Mama mzee alimngoja, mikono imekaa tayari kwenye pembe za mfuko. Bosi alisogea. Mifuko mitano ikapita mbele yake mmoja mmoja, na kila mmoja una jina pande zote mbili.

Ilipokwisha aliniomba funguo. Nilimpa. Mshahara wa mwezi ule sikuuona, na sikwenda River Road kuuomba, ingawa nilikuwa na haki nao na njaa pia. Nilikaa miezi nikiuza mboga nje ya geti letu, ng'ambo ya barabara kutoka dukani. Watu walinishauri nikamwombe msamaha, na niliwajibu vibaya wote.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, Kabiria iliamka imejaa mabango mapya. Yalikuwa mazuri, ya rangi, na yule afisa wa shati jeupe alikuwa ndiye aliyeyaandika: Lipa wakati wa mavuno, chukua mvua ikinyesha, tunakutunzia bure. Wazo lilikuwa lile lile, neno kwa neno, na bei ilikuwa chini kuliko yangu. Bosi alikuja mwenyewe siku ya uzinduzi, na spika, na fulana za kugawa. Akina mama walijaa, wakachukua fulana. Kisha mama mzee akainua mkono, akauliza swali moja tu: mifuko itatunzwa na nani.

Bosi akamwonyesha msichana mpya nyuma ya kaunta.

Mama mzee akashukuru, akageuka, akavuka barabara na fulana yake begani, na wenzake wakamfuata hadi kwenye meza yangu ya mboga. Akaweka noti juu ya sukuma wiki. "Tununulie mbolea wewe, utafute mahali pakavu," akaniambia. "Sisi tuna pesa mpaka shule zifunguliwe."