Hapana kwa Maandishi

Ofisini walimwita Mama Karatasi, na nyumbani hakupata nafuu. Asubuhi hiyo ya Jumanne mumewe alinyoosha mkono kwenye sahani, akausimamisha hewani.

"Mke wangu, naomba kibali cha kipande cha pili cha mkate. Kitatumika hapa mezani tu, mara moja, na hakitarushwa kwingine."

Binti yao alicheka mpaka chai ikampalia. Mama Karatasi hakucheka. Alikuwa na siku tatu za kukamilisha vibali vya kazi moja, na mkobani mwake kulikuwa na barua ya onyo ambayo kila akitafuta kalamu aliigusa kwa vidole.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kampuni yao ndogo, ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri, ilitengeneza video fupi za watu wenye jambo la kutangaza. Kila picha na kila sauti ambayo hawakuirekodi wenyewe, yeye ndiye aliyemtafuta mwenye mali na kuleta ruhusa yake kwa maandishi. Mwisho kulikuwa na fomu ya vibali, na chini ya fomu kulikuwa na mstari wa saini yake. Bila saini ile, video haitoki mlangoni.

Ungedhani mtu wa namna hiyo anaheshimiwa. Thubutu! Walimwona kama kizingiti cha kujikwaa. Miezi minne nyuma, mwongozaji wao, bwana mmoja wanayemwita Mia kwa Mia kwa sababu ndilo jibu lake la kila swali, alileta wimbo kwenye video ya kiwanda cha samani. "Mwimbaji ni rafiki yangu, ameruhusu. Mia kwa mia." Mama Karatasi akaamini, akasaini. Kumbe rafiki aliimba tu. Rekodi ilikuwa mali ya kampuni iliyomlipia studio. Video ikaondolewa mtandaoni siku ya pili, mteja akatahayari mbele ya wateja wake, na barua ya onyo ikaandikwa. Aliandikiwa nani? Si Mia kwa Mia. Barua ilisema kosa la pili lingekuwa la mwisho, na kwamba angefungasha virago.

Sasa walikuwa na kazi ya idara ya maji ya mji: dakika nne, kuhusu maji kumfikia kila mwananchi, itoke Ijumaa kwenye televisheni na mtandaoni. Mia kwa Mia alikuwa ameweka wimbo wa zamani, wa polepole, mwanamke akiimbia mvua, eti wa kushikilia nafasi tu wakati picha zinapangwa. Hilo ndilo kosa la watu wa kazi hii. Wanaazima wimbo kwa ajili ya kupimia, halafu wanauoa. Mhariri, msichana mkimya asiyetoa vipokea sauti masikioni, alikata kila picha kufuata ngoma ya wimbo ule. Pampu ikazunguka penye mdundo, tone likadondoka penye kinanda. Mteja alipoonyeshwa, akafuta macho. Basi, imekuwa ndoa, na Mama Karatasi ndiye akapeleke posa.

Picha za zamani, za pampu ya kwanza ikizinduliwa, zilimtoa jasho. Kituo cha televisheni kilichozimiliki kilimpa kibali cha televisheni peke yake, mwaka mmoja, nchini. Akarudisha: mtandao hauna mpaka wala hausubiri mwaka uishe. Wakaleta kingine, wameongeza mtandao, wamebakisha mwaka uleule. Akarudisha tena. Cha tatu kikaja sawasawa, na barua ya kuuliza kama ana kazi nyingine ya kufanya.

Ukabaki wimbo. Akamweleza Mia kwa Mia kwa mara ya kumi kwamba wimbo una wenyewe wawili, mwenye utunzi na mwenye rekodi, na unahitaji ruhusa ya wote wawili.

"Wimbo ni wimbo!" alisema Mia kwa Mia. "Wewe unaukata vipande kama keki."

"Siukati mimi. Ulizaliwa hivyo."

Rekodi ilikuwa ya mzee mmoja mwenye studio ya zamani, maarufu kwa jina la Mzee wa Kanda. Jumanne hiyo adhuhuri karatasi yake ilifika, imepigwa mhuri mara tatu. Alitangaza kuwa anamiliki sauti, maneno, muziki, na kila kilichomo. Kwa kujivuna akaambatanisha picha ya jalada la santuri.

"Haya," bosi alisema, akiweka fomu mezani. Alikuwa mama mwenye haraka, hata akiketi viatu vyake vilikuwa vikitembea. "Kila kitu kipo. Saini twende."

Mama Karatasi alivaa miwani. Laiti angeisahau nyumbani! Chini kabisa ya jalada, kwa herufi ndogo kama chawa, paliandikwa mtunzi, na jina lenyewe lilikuwa la mwanamke. Mzee wa Kanda, kwa vyovyote vile, hakuwa mwanamke. Akampigia simu.

"Ah, huyo!" mzee akacheka. "Alikuwa mwalimu wa muziki wa shule hapo jirani. Alituandikia tu, tukampa soda. Siku nyingi hizo."

"Alikusainia kwamba anakuachia utunzi?"

"Binti yangu, siku zile nani alikuwa anasaini?"

Mama Karatasi alikata simu, akajichukia. Nani alimtuma kusoma majalada? Karatasi ilikuwapo, mihuri mitatu, bosi ameridhika. Lakini alikuwa ameshajua, na ukishajua huwezi kurudi ukawa mtu asiyejua. Akachukua simu, akatafuta shule. Karani wa shule akampeleka kwa mwalimu mstaafu, mwalimu mstaafu akampa namba, na Jumatano asubuhi alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba ndogo yenye madirisha ya kijani.

Mtunzi alikuwa bibi mwembamba, mgongo umenyooka kama bado anasimamia darasa. Ukumbini kulikuwa na kinanda kilichofunikwa kitambaa. Kwenye korido, kuanzia mlangoni hadi jikoni, zilipangwa ndoo na madumu, na Mama Karatasi alipita ubavuubavu ili asiangushe kitu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umesema kwenye simu ni habari ya wimbo wangu."

Akamweleza yote: video, dakika nne, televisheni na mtandao, rekodi imeruhusiwa na mwenye studio, kilichobaki ni utunzi, na malipo yake yapo. Bibi alisikiliza mikono ikiwa magotini.

"Wimbo huu una miaka thelathini na minane," akasema. "Umepigwa harusini, umepigwa redioni, kuna duka la magodoro limeutia kwenye spika lake. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuja kuniuliza."

Mama Karatasi akafungua mkoba. Akatoa fomu na kalamu. "Kwa hiyo unakubali, mwalimu?"

"Hapana."

"Samahani?"

"Nimefurahi kuulizwa. Na jibu ni hapana. Njoo."

Akamshika mkono, wakapita kati ya ndoo hadi jikoni. Bibi akafungua bomba. Bomba likakohoa, likatoa upepo, likanyamaza.

"Mwezi wa tano huu. Nimekwenda idarani mara sita. Wananiambia andika, naandika. Sasa wimbo wangu ndio uende ukawasifie? Mimi nikiwa nachota kwa jirani?"

Mama Karatasi alitamani kuketi kwenye dumu akalia. Angesema nini? Bibi alikuwa na haki kwa pande zote. Lakini barua ya onyo ilikuwa mkobani, Ijumaa ilikuwa keshokutwa, na akirudi na maneno ya mdomo tu Mia kwa Mia angesema amekwenda kumchochea mtu aliyekuwa amelala zake. Ndipo akafanya jambo ambalo wenzake walimcheka nalo miaka yote, kwani kwenye mafaili yake hata waliokataa walikuwa na karatasi zao.

"Mwalimu, naomba uniandikie hiyo hapana."

"Kukataa nako kunaandikwa?"

"Kwangu mimi kunaandikwa."

Bibi aliketi, akaandika polepole kwa mwandiko wa ubaoni. Kwamba yeye ndiye mtunzi wa wimbo huu, maneno na muziki. Kwamba hajawahi kuuacha utunzi huo kwa mtu yeyote. Kwamba anakataa utumike, kwa sababu bomba lake lina mwezi wa tano halitoi maji. Akaweka jina lake lote, akatia saini, na chini yake akaandika: Mtunzi. Kisha akalitazama neno lile muda mrefu.

"Utaniletea nakala?" akauliza. "Sina karatasi nyingine inayosema hivi."

Ofisini pakawaka moto.

"Tuna karatasi yenye mihuri mitatu!" Mia kwa Mia alipayuka. "Nani alikutuma kwa huyo bibi?"

"Tunayo, ya mtu ambaye si mwenyewe. Kama ile ya rafiki yako."

Bosi alisukuma fomu mbele yake. "Saini. Nakuomba kwa mara ya mwisho."

Mama Karatasi aliichukua kalamu. Alimwaza binti yake, akawaza karo, akawaza mumewe na mkate wake. Akaiweka kalamu chini. "Ukiniachisha, niachishe. Nilisaini nisichokijua mara moja. Hiki nakijua."

Bosi alinyoosha mkono. Aliichukua barua ya bibi, akaisoma wima, na viatu vyake vikasimama. Akaipiga picha, akaituma kwa mwanasheria wa idara ya maji. Walisubiri saa nzima. Jibu lilikuwa maneno mawili: "Ondoeni wimbo."

Mhariri, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, akatoa vipokea sauti. "Naweza kuacha maji tu," akasema. "Sauti za maji tulirekodi wenyewe." Akaondoa wimbo, akaacha pampu ipumue, ndoo ijae, tone lidondoke. Alimaliza Alhamisi jioni. Haikuwa tamu kama mwanzo, na Mia kwa Mia alisema imekufa mia kwa mia, lakini kila sauti ndani yake ilikuwa yao. Mama Karatasi akasaini. Ijumaa ikatoka, na haikuondolewa.

Jumamosi alipeleka nakala. Korido ilikuwa tupu, ndoo zimepinduliwa nje, kando ya ukuta. Jikoni bomba lilikuwa wazi, linatiririka kwa kelele, na bibi alikuwa anaosha vyombo ambavyo kwa kuvitazama tu vilikuwa safi tayari.

"Walikuja jana," akasema. "Magari mawili! Mafundi sita! Miezi mitano sikumwona hata mmoja." Akafuta mikono, akatabasamu. "Sasa leo ungeniuliza, mwanangu, ningekubali."

Mama Karatasi alifumba macho. Alihesabu hadi kumi, akafika, akaanza upya.

Alipofumbua, bibi hakuwa akimtazama tena. Alikuwa ameipokea nakala, ameisogeza kwenye mwanga wa dirisha, na kidole chake kimesimama kwenye neno la mwisho.

"Ofisi ya kusajili haki za watunzi inafunguliwa saa ngapi Jumatatu?" akauliza.

"Saa mbili, mwalimu," alisema Mama Karatasi, akavuta kiti. "Tutakwenda wote. Chukua na kitambulisho."