Funika Kwanza, Ndipo Uandike

Nyinyi wajukuu, na vijana wengine mtakaosoma haya, msinitafutie makosa ya Kiswahili. Changu nilikiokota sokoni Mpondwe, mpakani na Kongo, kwa wapagazi na askari, si darasani. Darasani nilikaa miaka miwili tu, na kazi yangu miaka hiyo ilikuwa kunakili ubao. Nilinakili vizuri kuliko wote. Mwalimu akishafuta ubao, kichwani kwangu nako kumefutika. Hapa naandika habari ya orodha ya maneno kumi na mawili kwa wiki, na jinsi nilivyokaribia kumharibu mtoto kwa bidii yangu mwenyewe.

Binti yangu alikuwa Kasese, akishona nguo karibu na steji ya taksi. Watoto wake wawili wa kike niliwalea mimi hapa Bwera, huku nikichambua maharage na kuyauza. Mkubwa alikuwa na miaka minane, darasa la tatu. Mdogo alikuwa nyuma yake darasa moja.

Muhula wa pili ulipofungwa, mkubwa alileta ripoti. Nilimpigia mama yake simu, tukasomewa na jirani: mtoto huyu anasoma kidogo, lakini hawezi kuandika Kiingereza anachokisikia. Asipobadilika muhula wa tatu, atarudia darasa.

Labda kwenu kurudia darasa si kitu. Kwetu Wakonzo mtoto anapewa jina kwa nafasi aliyozaliwa nayo. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na ukiitwa tu, kila mtu anajua wewe ni wa ngapi kwa mama yako. Sasa wa kwanza na wa pili wakae benchi moja, waitwe katika rejista moja kila asubuhi, darasa zima lisikie? Na mdogo alikuwa mwepesi, angempita. Mkubwa alilijua hilo. Siku ile ya ripoti hakula, na mdogo aliacha kumwita dada, akaanza kumwita kwa jina. Nilimnyamazisha, lakini nilisikia.

Nikasema, sitakubali.

Muhula wa tatu ulianza na mwalimu mwingine, mwanamke kijana kutoka upande wa Rukoki. Kila Jumatatu aliwapa maneno kumi na mawili. Kumi na mawili! Kwa wiki nzima! Nikaona huyu ni mvivu. Nikamnunulia mtoto daftari la kurasa tisini na sita, nikamwambia kila neno aliandike mara ishirini, kila jioni, kabla ya chakula. Nilikuwa naye pale pale, mimi na ungo wangu, yeye na daftari lake. Akisimamisha penseli, nakohoa. Akainama tena.

Mnunuzi wangu mmoja wa kutoka ng'ambo, mama wa Kongo mwenye mdomo, alikuwa anakuja kupima maharage na kumkuta hivyo.

"Eh, mama! Huyu mutoto iko naandika Biblia?"

"Anaandika shule."

"Miye naona nakuwa minisitre. Minisitre ya kunakili!"

Nikamwambia aache uwaziri wake, apime maharage yake aende. Kurasa zilijaa. Nikazihesabu, nikafurahi. Ijumaa mtoto akaja na mtihani wa maneno yale yale, amepata manne. Wiki iliyofuata, matatu.

Nikafunga kitambaa kichwani nikaenda shuleni na daftari kwapani. Nilimkuta mwalimu darasani akisahihisha, watoto wameshatoka, isipokuwa wangu ambaye nilikuwa nimemshika mkono.

"Mwalimu, wewe unawapa maneno kumi na mawili. Mimi nampa mia mbili na arobaini kila jioni. Nani kati yetu anafundisha?"

Hakukasirika. Alisimama, akanipa kiti chake. "Shikamoo mama. Naomba nione daftari."

Alifungua. Akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza ya ukurasa, akashuka nayo polepole mpaka chini.

"Mama, wewe ukipanda maharage, unapandaje?"

"Kwa mstari."

"Unamaliza mstari huu ndipo unaanza ule?"

"Ndiyo."

"Basi na yeye amepanda. Tazama. Ameshuka na t zote ishirini, akarudi juu akashuka na r zote, akarudi tena. Hajaandika neno hata moja hapa. Amepanda herufi."

Nikatazama. Ni kweli, zile t zilisimama kama miche, zote zimepandwa kwa mkupuo mmoja. Ukurasa wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Neno la mvua, rain, aliacha i mstari wa tatu, na kuanzia hapo kosa limeshuka naye mpaka mwisho. Mara kumi na nane nilimkalia mtoto na kumkoholea ajifunze kosa. Nikamgeukia mtoto. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Nani alikufundisha kuandika hivi?"

"Bibi, inaenda haraka. Nilikuwa na njaa."

Mwalimu alicheka, halafu akaona uso wangu akaacha. Akafungua droo, akatoa orodha ya wiki ile. Akanionyesha kwamba yale maneno hayakuokotwa ovyo. Yote yalikuwa na sauti moja ndani, ile ya ei. Lakini sauti ile inaandikwa kwa njia zaidi ya moja. Rain, train, tail, wait. Day, play, way, pay. Cake, name, gate, late. Akasema sikio peke yake halitoshi, wala jicho peke yake. Mtoto asikie kwanza, atenge, aseme kwa nini ametenga hivyo, ndipo aandike bila kutazama.

"Mimi sijui kusoma hayo," nikamwambia.

"Huhitaji kuyasoma, mama. Unajua kuchambua. Na unajua kuuliza. Muulize tu, kwa nini hili liko huku? Asipojua kujibu, bado."

Alinipangia wiki yote, nami nikaishika kichwani kama bei. Jumatatu, hakuna penseli. Tulikata boksi la sabuni vipande kumi na viwili, mwalimu akaandika neno juu ya kila kimoja, na mtoto akavitenga kwenye ungo wangu. Jumanne, kuunda: anachukua tail, anaondoa herufi ya kwanza, anaweka nyingine, anasoma alichopata, anasema kama ni neno kweli au si neno. Jumatano, kutazama neno, kulifunika, kuliandika, kufunua na kulinganisha, na akikosea haandiki neno lote mara ishirini, anaweka alama chini ya mahali alipokosea na kujaribu tena. Alhamisi, sentensi za kusomewa. Ijumaa, mtihani wa mwalimu, na ndani yake maneno mawili ambayo hayakuwa kwenye orodha hata siku moja.

"Hayo mawili ni wizi," nikamwambia.

"Hayo mawili ndiyo yatakayotuambia kama amejua, mama."

Kwa Alhamisi nilimtumia binti yangu. Saa moja ya jioni anafunga cherehani Kasese, anapiga simu, naiweka juu ya debe ikiwa na sauti kubwa. "Andika: the train is late." Mtoto anaandika. Mtandao ukikatika katikati ya sentensi, tunangoja. Binti yangu alimaliza darasa la saba, Kiingereza chake kilitosha.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Mtoto alitenga vipande kwa herufi ya kwanza, kama alivyozoea. Nikavimwaga. Akatenga kwa urefu. Nikavimwaga tena. Nikasema, "Usitazame. Sema kwa mdomo." Akasema, akasema tena. Mikono yake ikapunguza haraka. Kisha akatazama sauti ile imeandikwaje, akafanya mafungu matatu.

"Kwa nini hili liko huku?"

Akakishika kipande, akakigeuza.

"Nakuuliza. Kwa nini?"

Alinitazama, akasema, "Bibi, ukisimama sokoni ukaita jina langu, wanageuka wangapi?"

"Wengi. Kila nyumba ina binti wa kwanza."

"Na utajuaje mimi ni yupi?"

"Kwa nyumba unayotoka."

"Basi. Sauti ni moja. Hawa nyumba yao iko katikati ya neno, a na i. Hawa wanakaa mwisho, a na y. Na hawa wana e mwishoni, haisemi kitu, lakini ukiiondoa jina linageuka."

Sikumsifu. Sikuzoea. Niliongeza kipande cha samaki kwenye sahani yake, na mdogo akalalamika, nami nikamwambia anyamaze.

Ijumaa ile alipata tisa, na katika yale mawili ya wizi alipata moja. Wiki ya sauti ya ii, zile ee na ea, alianguka mpaka sita, kwa sababu ee na ea zote hukaa katikati na hakuna cha kuzitenganisha ila kukumbuka. Nililia? Sikulia. Nilimwambia mwalimu atupe vipande vile vile tena wiki iliyofuata pamoja na vipya, naye akakubali. Mwalimu alikuwa na kopo la maneno makaidi, said na they na mengine, yasiyokaa na ndugu zao. Na sisi tukaweka letu, la majani ya chai. Kila Jumatatu tulilimwaga kwanza.

Hivyo wiki baada ya wiki, hata za mvua, hata ile niliyougua mgongo na kuuliza maswali yangu nikiwa nimelala. Mama wa Kongo alipokuja akakuta ungo umejaa makaratasi, akauliza, "Na haragi yangu?" Nikamwambia angoje, ungo una kazi.

Mwisho wa mwaka mwalimu aliwasomea habari fupi, mistari sita, wakaiandika bila kuiona mahali popote. Siku ya kufunga nilikwenda mwenyewe. Mwalimu alinipa karatasi. Ilikuwa na alama nyekundu tano. They aliikosea, mkaidi yule. Lakini kulikuwa na snail, yule konokono, neno ambalo hatukuwahi kulikata kwenye boksi la sabuni, na limeandikwa sawa, a na i katikati. Chini ya ripoti jirani, ambaye naye alikuwa amemfuata mwanawe pale, alinisomea: amepanda darasa la nne.

Nilirudi nyumbani nikampigia binti yangu. Nikasikia magari ya Kasese yakipita. Kisha akasema, "Mama, asante." Nikamwambia akate, simu ina gharama.

Nilipogeuka, nikamwona mdogo mlangoni. Naye alikuwa amefungua daftari jipya la likizo, kwa kuwa sasa zamu yake ya darasa la tatu inakuja. Ulimi nje, mkono unashuka: t, t, t, t, mpaka chini ya ukurasa. Dada yake amesimama nyuma yake, ananitazama mimi.

Nililichukua daftari, nikaliweka juu ya debe. Nikawaita wote wawili, mkubwa kwa jina lake la wa kwanza, mdogo kwa lake la wa pili. Nikasema, na sijabadilisha mpaka leo:

"Katika nyumba hii hakuna mtu ataandika neno huku analitazama. Hata mimi. Leteni boksi la sabuni na makasi. Wewe wa kwanza, mfundishe mdogo wako kutenga. Na mkimaliza kutenga, funikeni, ndipo muandike."