Mstari wa Pao Uliokosekana

Muriuki na Kinyanjui walianza useremala pamoja wakiwa vijana, na katika mitaa ya Tena na Umoja watu waliwaita kwa pumzi moja. Kazi yao ilikuwa mapaa. Mama mmoja aitwaye Falis, muuza nguo wa Eastleigh, aliwapa nyumba yake ndogo waiezeke.

Muriuki ndiye aliyepima. Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, alizipanga kila baada ya futi nne, mbao za mteremko na ile ya chini zikiwa inchi nne kwa mbili, vishikizo vya kati tatu kwa mbili. Juu yake zingepita pao, zile mbao za kupigiliwa mabati. Mteremko ulikuwa futi tisa na mabati ni geji thelathini, mepesi, kwa hiyo alitaka mistari minne kila upande, futi tatu kati ya mmoja na mwingine, kila upao ukisimama kwa ubavu wake mwembamba. Mstari wa tatu kutoka chini ndio ungebeba mahali bati la juu linapolalia la chini.

Kenchi zilipokwisha kusimama, Muriuki alifiwa na shangazi, akaenda mazishini Murang'a. Aliporudi alikuta paa limefunikwa, limenyooka, linang'aa. Alifurahi. Akapanda kukagua kofia ya paa, lile bati la kileleni, kisha akaanza kushuka bila kuangalia misumari ilipo. Mguu wake ulijua pa kukanyaga: pale alipopanga mstari wa tatu upite.

Pale penye kiungo cha mabati hapakuwa na kitu chini. Bati lilikunjika, akatumbukia hadi kifuani, mbavu zikagonga upao wa chini yake. Falis, aliyekuwa sebuleni, aliona miguu ya mtu ikining'inia kutoka paani. Alikimbia nje kumwita Kinyanjui.

Kinyanjui ndiye aliyepanda akamtoa. Walipofika chini, Muriuki aliingia sebuleni, akatazama juu kandokando ya lile tundu, akahesabu pao. Mistari mitatu. Futi nne na nusu kati yake.

"Ni wewe uliyepiga hizi?" aliuliza, akitumaini kusikia jina la mtu mwingine.

"Ni mimi. Mbao zilipungua, na mvua ilikuwa inakuja. Nikaona zitafika nikizitanua."

"Ungenipigia simu."

"Ulikuwa unazika."

Falis alimuuliza Kinyanjui, kwa sauti ya chini, kama watoto wake wangelala chini ya paa hilo kesho lau Muriuki asingetumbukia. Kinyanjui alikubali kwa kichwa tu.

Hospitalini waliambiwa mbavu mbili zimepasuka. Kinyanjui aling'oa mabati yote peke yake, akapiga pao upya, mistari minne kila upande, akabadilisha mabati yaliyoharibika. Muriuki alikaa kwenye tofali uani, kifua kimefungwa, akimwangalia. Kila alipoushikilia upao mahali pake, Kinyanjui alisimama na kumngoja aseme kama pamekaa sawa. Muriuki alipima kwa macho, kisha akamwomba Kinyanjui amshushie ncha ya utepe wa kupimia, ili yeye mwenyewe asome futi.