Concy na Swali la Tatu

Concy alikuwa amechoka. Alipika, alishona, alimgeuza mgonjwa kitandani, na leo eti atabasamu mbele ya kamera! Lakini mchagua jembe si mkulima. Kampuni moja ya ulinzi ilitafuta mshonaji wa sare za askari wake, na kabla ya kumwita yeyote ilitaka kuona video ya biashara yake. Akamtafuta Jafar, mpiga video.

Jafar alikuwa amemhoji kwa simu, kisha akaandika skripti: upande mmoja picha, upande wa pili maneno ya msimulizi, na mwishoni maswali. Sasa, katika duka la Concy mtaani Mbuya, alizima cherehani na redio, akamkalisha karibu na dirisha.

"Usitazame kamera, mama, tazama mimi. Sauti yangu nitaitoa kwa video, kwa hiyo swali iwe ndani ya jibu. Nikiuliza unashona nini, hapana sema 'sare' peke yake. Sema, 'Mimi nashona sare.'"

Swali la kwanza akajibu, la pili akajibu.

"Baada ya kifo ya mzee, nguvu ya kuendelea ulitoa wapi?"

"Baada ya kifo ya mzee wangu, nguvu nilitoa kwa kazi," Concy alisema. "Yeye alikuwa anakata, mimi nashona. Sasa nakata, nashona, na hakuna mtu wa kucheka na mimi."

Maneno yalitoka yenyewe, wala hakuyatafuta. Jafar aliitikia kwa kichwa kwa furaha. Hapo mtu akakohoa nyuma ya pazia.

"Nani iko huko? Itaingia kwa sauti."

"Ni huyo marehemu wako," alisema Concy, na ndipo alipotambua alichokuwa amejibu.

Jafar alipekua karatasi zake. "Si kwa simu ulisema mzee amelala?"

"Amelala kwa kitanda! Mwili yake upande moja imekufa, si yeye!"

"Pore, mama. Mimi nilijua unasema kwa heshima."

Heshima gani ya kumzika mtu anayekula uji? Concy alitamani kumtupia Jafar lawama yote. Lakini Jafar aliuliza tu. Jibu lilikuwa lake, na kilichomuuma ni kwamba halikuwa uongo.

Akafunua pazia. Oyat, mumewe, alikuwa macho. Alipokuwa sajini, kabla ya kuanza kukata vitambaa, sauti yake ilivuka uwanja mzima wa gwaride. Sasa mdomo uliopinda ulihangaika na maneno mawili.

"Umesema... vizuri."

Concy alimfuta mate, akarudi kitini.

"Hiyo nitaikata," Jafar alisema. "Twende ya nne."

"Hapana. Uliza tena. Na sasa uliza vizuri."

Jafar aliweka karatasi chini. "Mama, mzee iko wapi leo?"

"Mzee wangu leo iko nyuma ya hii pazia," alisema, swali ndani ya jibu kama alivyofundishwa. "Iko hai. Na mimi, mwanangu, nimechoka mpaka nilimzika."